Simu imebadilishwa sistimu chaji mara mbili na bado haijai: fundi anayeanza afanyeje?

*"Shikamoo mtaalamu. Nimejifunza ufundi simu mwenyewe, nipo Morogoro. Vioo, betri na sistimu chaji nabadilisha vizuri, mkono hautetemeki. Nimepata fremu karibu na stendi na nina laki tano ya kuanzia. Shida ni simu za chaji: nikitengeneza kumi, tatu au nne zinarudi ndani ya wiki, mteja anasema bado. Halafu pale stendi wapo mafundi sita tayari, wawili wanabadilisha sistimu kwa bei ambayo mimi siiwezi. Ninunue blowa na hadubini ili niwe tofauti nao, au nishushe bei? Na hizi zinazorudi nakosea wapi?"*

Marahaba. Tuanze na hizo tatu au nne zinazorudi, maana jibu la blowa na la bei limo humo humo.

Kwa unavyoeleza, mkono wako hauna kosa. Unachofanya ni kubadilisha kifaa ambacho hakikuwa kibovu. Mteja akisema "haiingizi chaji" anakutajia dalili tu. Umeme unatoka kwenye soketi ya ukutani, unapita kichwa, waya, tundu la simu, bodi ndogo ya chini, fleksi inayokwenda juu, bodi kubwa, ndipo ufike kwenye betri. Hivyo ni vituo saba, na sistimu chaji unayobadilisha ni viwili kati ya hivyo, tundu na bodi ndogo. Wale mafundi wawili wa bei ya chini nao wanafanya hivyo hivyo, ila wao simu ikirudi wanamwambia mteja "hii sasa ni bodi" na habari inaishia hapo. Ukishusha bei utakuwa umejiunga nao tu. Ukinunua blowa utakuwa na chombo cha kubadilishia vitu vingi zaidi bila kujua kama ndivyo vibovu.

Kifaa cha kwanza cha kununua ni mita ndogo ya USB, ile inayochomekwa kati ya kichwa na waya na kuonyesha volti na ampea kwenye kioo chake. Hakikisha ina tundu la kawaida na la Taipu C. Hiyo iwe juu ya kaunta, na kila simu ya chaji ipite hapo kabla hujashika bisibisi, mteja akiwa amesimama anaangalia. Tumia kichwa chako na waya wako ambao unajua ni wazima. Usitumie vya mteja kwa kipimo cha kwanza. Angalia pia simu ina asilimia ngapi, kwa sababu simu iliyofika 85 au 90 inapunguza ampea yenyewe kulinda betri, na hapo wengi hudanganyika. Kipimo cha kuaminika ni simu ikiwa kati ya asilimia 20 na 60, kioo kimezimwa, na haijapata moto.

Sasa namba zinasema nini. Chukua simu ya kawaida inayokuja na kichwa cha volti 5 na ampea 2. Mita ikisoma kuanzia ampea 1 na nusu kwenda juu, simu inachaji. Usiifungue. Mrudishie mteja kichwa na waya wake, vichomeke kupitia mita hiyo hiyo, na mara nyingi utaona namba inaanguka mbele ya macho yake. Waya mbovu haukati umeme wote. Unakula volti njiani. Volti zinazofika kwenye simu zikikaribia 4 na nusu, simu yenyewe inapunguza ampea ili kichwa kisizidiwe. Mteja wa namna hii amekuja kubadilisha sistimu, anaondoka na waya mpya. Umepata hela kidogo, lakini simu hiyo haitarudi, na yeye atawaambia watu kwamba wewe hukumfungulia simu bila sababu.

Ikisoma karibu na nusu ampea na kubaki hapo hapo, huo ni ugonjwa wake peke yake na nitaurudia, kwa sababu naamini ndio unaokurudishia wateja. Ikisoma kidogo sana, tuseme ampea 0.05 mpaka 0.2, na simu haiwaki kabisa, betri huenda imekauka sana na simu inailisha taratibu kwa makusudi. Iache kwenye chaji nusu saa ndipo uamue. Ikisoma sifuri kabisa, njia imekatika mahali, au betri imejifunga. Na ikisoma ampea nyingi huku simu imezimika na sehemu fulani ya mgongo inapata moto haraka, chomoa. Hiyo ni shoti, na kuendelea kuilisha ni kuiunguza.

Kabla ya kufungua, kuna mambo mawili ya dakika moja. La kwanza ni uchafu. Vumbi la mfukoni hujikandamiza chini ya tundu mpaka likawa kama kijitambaa, na ncha ya waya haifiki mwisho. Angalia kama waya ukishachomekwa unabaki na upenyo, ukilinganisha na simu nyingine. Zima simu, uchokonoe kwa kijiti cha meno kilichochongwa kikawa bapa, kamwe si kwa sindano, maana sindano inakunja vile vimeno vya ndani na hapo sistimu itakuwa mbovu kweli.

La pili ni kwa simu za Taipu C, na mafundi wengi hawalijui. Waya wa Taipu C unaingia upande wowote, lakini ndani ya tundu kuna pini mbili za kutambulishana, CC1 na CC2, na kila upande unaochomeka waya unatumia moja wapo. Kichwa chenye tundu la Taipu C hakitoi volti 5 mpaka kione kwanza, kupitia pini hiyo, kwamba kuna simu upande wa pili. Kichwa cha zamani chenye tundu pana la USB hakina habari hiyo. Kinatoa volti 5 muda wote. Kwa hiyo jaribu waya wa C kwa C, kisha ugeuze. Ikichaji upande mmoja na kukataa upande wa pili, pini moja ya CC imeachia au imechafuka. Ikikataa pande zote mbili kwa C kwa C lakini ikachaji kwa kichwa cha zamani, shaka iwe kwenye njia zote mbili za CC. Umejua pa kuangalia kabla hujafungua hata skrubu moja. Mteja anayekuambia "mpaka niuchomeke upande fulani" mara nyingi anakueleza hili hili bila kujua.

Turudi kwenye nusu ampea. Chukua mfano wa simu ya Android ya kawaida ya kichwa cha volti 5, ampea 2. Malalamiko: inalala kwenye chaji usiku mzima, asubuhi ina asilimia 60. Sistimu imeshabadilishwa mara mbili na mafundi wawili tofauti. Unaiweka kwenye mita ikiwa na asilimia 35, inasoma ampea 0.47. Unabadilisha waya, 0.47. Unabadilisha kichwa, 0.47. Namba isiyotikisika hivyo haisababishwi na waya mbovu, kwa kuwa kila waya una ubovu wake na ungeona namba zikipishana. Hapa simu imejiwekea kikomo yenyewe.

Kwa nini ijiwekee kikomo? Kwa sababu ndani ya tundu, mbali na njia ya umeme, kuna njia mbili za data, D+ na D-. Kichwa cha kawaida cha chaji kinaziunganisha hizo mbili, na simu ikiona zimeungana inajua "hiki ni kichwa, naweza kuvuta." Isipoona hivyo inaogopa kwamba imechomekwa kwenye kompyuta, na tundu la kawaida la kompyuta linaruhusu nusu ampea. Basi inavuta hiyo tu, na kwenye kioo huandika kwamba inachaji polepole. Njia moja ya data ikikatika, simu itachaji, taa itawaka, asilimia zitapanda, na fundi asiye na mita atamkabidhi mteja akidhani kazi imekwisha. Wiki haiishi, amerudi. Uthibitisho wa haraka ni kuichomeka kwenye kompyuta kwa waya unaopitisha data. Kompyuta isipoonyesha kabisa kwamba kuna kitu kimechomekwa, umeshika ugonjwa.

Sasa fungua. Kitu cha kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kuchomoa kiunganishi cha betri. Kisha weka malitimita yako kwenye alama ya diodi. Waya mwekundu uuweke kwenye sehemu ya hasi ya bodi, kama vile ganda la chuma la tundu au kifuniko cha bati, na mweusi ndio utembee kwenye pini. Ndiyo, ni kinyume cha mazoea, na ndivyo inavyofanywa: unapima vijidiodi vya ulinzi vilivyomo ndani ya aisii, kutokea hasi. Kufikia pini ndogo za Taipu C kwa ncha ya mita ni mateso, kwa hiyo nunua kile kibodi kidogo cha majaribio chenye ncha ya Taipu C na vituo vilivyoandikwa VBUS, GND, D+, D-, CC1 na CC2. Unakichomeka kwenye simu na kupima juu yake kwa raha.

Njia za data kwenye simu nzima husoma namba iliyo mahali fulani kati ya 0.3 na 0.8, kutegemea aisii. Usikariri namba, linganisha D+ na D-, zinatakiwa kukaribiana sana. Mita ikiandika OL, njia imekatika. Ikiandika sifuri au karibu na sifuri, njia imepiga shoti kwenye hasi. Kwa VBUS, inayobeba volti 5, usihangaike na namba yake halisi. Wasiwasi ni pale inapokuwa karibu na sifuri.

Kwenye simu yetu, D- inasoma 0.512 na D+ inasoma OL. Hapa ndipo fundi wa tatu angeagiza sistimu ya tatu. Wewe chomoa fleksi upande wa bodi kubwa, upime pini za D+ na D- kwenye kiunganishi cha bodi kubwa chenyewe. Hujui zipi? Iache fleksi imechomekwa kwenye bodi ndogo, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye D- ya kibodi cha majaribio, nyingine itembee polepole kwenye pini za ncha ya fleksi iliyo wazi mpaka ilie. Umeipata D-, na mwenzake kwa kawaida yuko jirani naye kabisa, kwa sababu njia za data husafiri kama jozi. Kwenye bodi kubwa zote mbili zinasoma 0.51. Habari njema sana: aisii ni nzima, bodi kubwa ni nzima. Mkato uko kati ya hapo na tundu. Sasa itoe fleksi yote, pima njia ya D+ kutoka ncha hadi ncha. Hailii. Fleksi imekatika njia moja, karibu na pale inapokunjwa kando ya betri.

Fleksi mpya, na mita inasoma ampea 1.6. Bodi ndogo mbili zilizobadilishwa kabla hazikuwa na kosa lolote. Nani aliikata fleksi? Aghalabu ni mkono wa fundi wa kwanza, aliyeing'oa kwa kibanio cha chuma badala ya kuinyanyua kwa plastiki, au aliyenyanyua betri kwa nguvu ikavuta fleksi iliyogandana nayo kwa gundi. Kwa hiyo simu inaweza kuja na ugonjwa mmoja na kuondoka na mwingine, na ukipima kabla na baada hutakuwa wewe uliyeupeleka.

Hali ya sifuri kabisa inafuatwa kwa njia ile ile, ila hapo unafuata volti 5 zenyewe. Waya umechomekwa, mita kwenye volti za moja kwa moja, mweusi kwenye hasi. Zipo kwenye tundu? Zipo kwenye bodi ndogo baada ya tundu? Zipo kwenye kiunganishi cha fleksi upande wa bodi kubwa? Pale zinapopotea, ugonjwa uko kati ya kituo hicho na kilichotangulia. Zikifika bodi kubwa na simu bado haivuti, pima betri kabla ya kuilaumu bodi. Betri ya simu iliyo nzima itasoma kati ya volti 3.4 na 4.4. Ikisoma chini ya 2 na nusu au sifuri, kijibodi cha ulinzi kilichomo ndani yake kimejifunga. Usiilazimishe kuamka kwa kuichomeka moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme kama unavyoona wengine wakifanya. Betri ya lithiamu iliyokaa imekauka muda mrefu imeharibika ndani, na ukiijaza kwa nguvu unaweza kuipa moto. Badilisha. Na betri iliyovimba haina mjadala: usiikandamize, usiitoboe, usiipashe moto kulegeza gundi. Dondosha matone ya spiriti ya isopropili pembeni, subiri gundi ilegee, uinyanyue kwa plastiki. Ndoo ya mchanga mkavu iwe chini ya meza kila siku, si siku ya tatizo.

Pana chanzo kingine cha simu kurudi ambacho hakihusu kupima, nacho ni bodi ndogo unayonunua. Wauzaji wa vipuri, wakiwemo wa Kariakoo, wana bodi ndogo za aina zaidi ya moja kwa simu moja, na utasikia wakiuliza unataka "yenye IC" au "isiyo na IC." Ile ya bei ya chini imepunguzwa vifaa. Kama simu ilikuwa na chaji ya haraka, kwa bodi hiyo itachaji kawaida tu, na mteja hataweza kukueleza zaidi ya kusema "siyo kama zamani." Bado kuna la zaidi: kwenye simu nyingi maiki ya kuongelea imo kwenye bodi hiyo hiyo, na ule waya mwembamba wa antena unaishia hapo. Ndiyo maana simu inatoka kwa fundi inachaji lakini mteja akipiga anaambiwa sauti inatoka mbali, au mtandao umeshuka. Kabla ya kulipa, weka bodi mpya kando ya ya zamani na uhesabu vifaa vidogo. Sehemu ambayo ya zamani ina kifaa na mpya ina pedi tupu, uliza. Ukishafunga, piga simu, rekodi sauti, hakikisha minara ya mtandao imerudi kama ulivyoipokea.

Njia nyingine ni kubakiza bodi ndogo ya asili na kubadilisha tundu lenyewe tu. Matokeo yake ni mazuri kuliko yote, kwa sababu maiki na vifaa vya asili vinabaki, lakini hapo ndipo blowa inahitajika na ndipo watu wanaunguza. Risasi ya kiwandani isiyo na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi. Ile ya zamani ya 63 kwa 37 huyeyuka kwenye 183. Ndiyo sababu kwanza unachanganya risasi laini na flaksi kwenye miguu ya tundu kwa pasi, ndipo unapasha kwa blowa, na tundu linaachia bila kulivuta. Ukilivuta kabla halijaachia, unaondoka na pedi za bodi. Maiki ifunike kwa utepe wa kuhimili joto, na usimwagie flaksi wala spiriti karibu na kitobo chake. Jizoeze kwenye bodi mbovu thelathini kabla ya ya mteja. Bodi mbovu wanazo mafundi wote hapo stendi, wengine watakupa bure.

Kuhusu laki tano yako basi: mita ya USB, malitimita nzuri yenye mlio wa haraka, na kibodi cha majaribio cha Taipu C. Vitatu hivyo havitamaliza robo ya fedha. Kinachobaki kiwe vipuri vya simu tatu nne zinazopita sana mtaani kwako, bisibisi zisizoliwa na skrubu, spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na taa nzuri. Pasi ya kulehemu yenye kurekebishika joto inafuata. Blowa na hadubini ziwe za miezi inayofuata, baada ya daftari lako kukuonyesha ni simu ngapi umezikataa kwa kukosa vifaa hivyo. Zikiwa mbili kwa mwezi, bado ni nafuu kuzipeleka kwa fundi wa bodi na kugawana naye.

Daftari hilo ndilo litakalokutenganisha na wale sita. Kila simu inayoingia andika IMEI, ambayo mteja mwenyewe anaitoa kwa kubonyeza:

```
*#06#
```

Andika nyufa zilizopo, kama kamera, spika na vitufe vinafanya kazi, na ampea ulizosoma mbele yake. Inapotoka, andika ampea mpya. Mteja apewe karatasi yenye namba hizo mbili: iliingia na 0.47, imetoka na 1.6. Fundi wa bei ya chini hana cha kulinganisha na karatasi hiyo. IMEI nayo inakulinda: simu ya wizi ikija kutafutwa, una kumbukumbu ya nani aliileta na lini. Mtu akikuomba ubadilishe hiyo namba, mkatalie papo hapo, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Nenosiri la mteja usiliombe kwa kazi ya chaji, hulihitaji. Mwambie afungue mwenyewe wakati wa kujaribu.

Bei ni jambo lenye pande mbili, na sitakuficha. Ukitoza ada ya kupima, wengine watakwenda kwa jirani anayepima "bure", yaani asiyepima. Usipotoza, utafanya kazi ya dakika ishirini kwa watu wanaotaka tu kujua kisha wakatengeneze kwingine. Kwa stendi, ningeigawa: kipimo cha mita juu ya kaunta kiwe bure kwa kila mtu, kwa sababu ni dakika mbili na kinakutangaza, kufungua simu na kufuata njia kuwe na ada ndogo, inayokatwa kwenye bei ya matengenezo akikubali. Dhamana toa siku 30 kwa kipuri ulichoweka, andika kwenye karatasi kwamba maji na kupasuka havimo, na ikirudi ndani ya siku hizo ipime upya kutokea mwanzo. Usianze kwa kuweka kipuri kingine kama kile.

Simu iliyoingia maji ichukulie tofauti na zote. Mchele haunyonyi kitu kilichoko chini ya vifuniko vya bati, na wakati mteja anangoja mchele, chumvi zinakula bodi. Zima, usiiweke kwenye chaji hata kwa kujaribu, fungua, chomoa betri, safisha bodi kwa brashi laini na isopropili, kausha, ndipo upime shoti. Kama ndani kuna picha za marehemu au kazi za mtu ambazo hazipo kwingine popote, mwambie ukweli kwamba lengo la kwanza ni data, na umpeleke kwa fundi wa bodi aliyezoea kabla wewe hujagusa joto. Vivyo hivyo kwa simu ambayo volti 5 zinafika bodi kubwa, betri ni nzima, na bado mita inasoma sifuri: hapo unaingia kwenye aisii ya chaji na ulinzi wake, na kazi hiyo haifundishiki kwa maandishi. Tafuta fundi wa bodi atakayekukalisha pembeni yake wiki chache, uone mkono wake chini ya hadubini, au kozi ya elektroniki ya VETA. Leseni ya biashara ianzie manispaa, na ofisi ya TCRA uwaulize kuhusu leseni ya wanaotengeneza vifaa vya mawasiliano kabla hujapaka rangi kibao.

Hizo tatu au nne zilizokurudia, kama wateja bado wanapatikana, waite waje uziweke kwenye mita. Anza na ile ambayo mwenyewe alikuambia inachaji ila haijai.